Tangazo limechuja: namna ya kulitambua na kulipa sura mpya

Tangazo likichuja halizimiki ghafla. Linaendelea kuonekana na hela inaendelea kukatwa, ila watu wanalipita kama bango la siku zote njiani. Nitatumia namba za Ads Manager ya Facebook na Instagram.

Hatua ya 1: Soma namba wiki kwa wiki

Kwenye Breakdown, sehemu ya Time, chagua Week. Ukisoma mwezi mzima kwa pamoja, wiki nzuri za mwanzo zitaficha wiki mbovu za mwisho. Kisha tazama namba tatu: Frequency, yaani wastani wa mara ambazo mtu mmoja ameliona tangazo, CTR ya link, yaani asilimia ya maonyesho yaliyobofywa, na CPM, gharama ya maonyesho 1,000.

Tuchukue mfano wa tangazo la mkoba wa mgongoni. Wiki ya kwanza limefikia watu 20,000 na kuonekana mara 28,000, kwa hiyo Frequency ni 1.4. Limebofywa mara 560, sawa na CTR ya 2%. Wiki ya tatu limefikia watu 14,000 tu lakini limeonekana mara 42,000: Frequency imefika 3. Mibofyo imeshuka hadi 336, sawa na 0.8%. CPM haijabadilika, kwa hiyo kila mbofyo sasa unagharimu mara mbili na nusu ya mwanzo.

Hiyo ndiyo alama ya kuchuja: Frequency inapanda huku CTR ikishuka, wiki baada ya wiki. Siku moja mbaya si ushahidi.

Hatua ya 2: Hakikisha kosa ni la tangazo

Watu wengi huruka hapa, wakatupa tangazo zima lisilo na kosa. CPM ikipanda na CTR ikabaki palepale, ujue ushindani wa nafasi umeongezeka, na picha mpya peke yake haitaondoa ushindani huo. CTR ikibaki nzuri na oda zikapungua, kagua ukurasa wanaofikia baada ya kubofya.

Hatua ya 3: Badilisha kile jicho linachokutana nacho kwanza

Kubadili rangi ya nyuma au kusogeza nembo hakutoshi. Aliyekwisha kuliona mara sita atalitambua kabla hajasoma neno. Badilisha picha kuu na sentensi ya kwanza kwa pamoja, uingie kwa mlango mwingine.

Tangazo letu la zamani lilionyesha mkoba umesimama kwenye ukuta mweupe, na maneno: "Mkoba imara usioingiza maji." Jipya lianze na tukio: mkoba unachuruzika maji, mkono unachomoa daftari kavu. Maneno: "Mvua imekukuta njiani, na kazi zako zote ziko mgongoni?" Bidhaa ni ileile na ahadi ni ileile, lakini sasa mtazamaji anajiona yeye mwenyewe. Nembo na jina viache kama vilivyo, kwa sababu kufahamika kwako umekulipia.

Kwa video, mara nyingi inatosha kurekodi upya sekunde tatu za mwanzo. Hapo ndipo mtu huamua kupita au kubaki.

Hatua ya 4: Liweke jipya kando ya la zamani

Usihariri tangazo lililopo. Mabadiliko makubwa huurudisha mfumo kwenye kipindi cha kujifunza, na namba za zamani na mpya zitachanganyika. Tengeneza tangazo jipya, uliache lifanye kazi wiki moja, kisha ulinganishe. Jipya likishinda, la zamani lisimamishe bila kulifuta. Likipata hadhira mpya linaweza kufanya kazi tena.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, Frequency yangu ni 6 lakini oda bado zinaingia. Nibadilishe?*

Hapana, ndugu yangu. Kama unawalenga waliowahi kutembelea ukurasa wako, kundi ni dogo na namba hiyo lazima ipande. Endelea kuangalia gharama ya kila oda. Ila andaa tangazo jipya mapema, lisije likachuja ukiwa mikono mitupu.

*Naona Frequency ya 2 tu, mbona watu wanaandika "tangazo hili tena"?*

Kwa sababu 2 ni wastani. Wapo walioliona mara moja na wapo walioliona mara nane. Maoni ya namna hiyo yachukulie kwa uzito, hasa ukiona na wanaolificha tangazo wanaongezeka.

*Nimebadilisha picha mara tatu. Kila mara CTR inapanda siku mbili kisha inaanguka. Nakosea wapi?*

Tazama Reach, yaani idadi ya watu waliofikiwa na tangazo. Kama kila wiki haiongezi watu wapya, hadhira yako imekwisha na picha ya nne nayo itadumu siku mbili. Panua hadhira kwanza. Kama watu wapya wanaingia na bado inaanguka, picha zako zote zinasema jambo moja. Waulize wateja watatu walinunua kwa shida gani, halafu andika sentensi ya kwanza kwa maneno yao.