Somo: Boila inaunguruma kama birika na maji ya moto yanatoka kidogo. Pima kabla hujamwita fundi

Somo hili ni kwa tuliopanga au kununua nyumba kusini na mashariki mwa Uingereza: London, Luton, Reading, Kent, Cambridge. Maji ya huku hupita kwenye miamba ya chaki, nayo yanafika bombani yakiwa yamebeba chokaa. Aliyekulia Mombasa au Unguja akichota maji ya kisima cha mawe ya matumbawe anaujua ule ukoko mweupe ndani ya birika. Ukoko huohuo ndio unaojijenga ndani ya boila yako, ila huko huuoni.

Boila hizi za kombi, yaani zisizo na tangi, zina maji ya aina mbili yasiyochanganyika. Ya kwanza ni maji yaliyofungiwa, yanayozunguka kwenye radieta na kurudi kupashwa na moto wa gesi. Ya pili ni maji ya bombani, ambayo hayagusi moto kabisa. Yanapashwa na yale ya kwanza ndani ya kifaa kidogo chenye ukubwa wa kitabu kinene, kilichotengenezwa kwa sahani nyembamba za chuma zilizopangwa pamoja. Upande huu maji moto, upande ule maji ya bomba. Tuite kifaa hicho sahani.

Maji ya bomba yakipata joto, chokaa iliyoyeyuka hugeuka kuwa jiwe na kung'ang'ania kwenye sahani. Hapo mambo mawili hutokea pamoja. Njia ya maji hupungua, kwa hiyo shawa inakuwa dhaifu. Halafu ukoko unazuia joto kuvuka. Yale maji yaliyofungiwa yanarudi kwenye moto yakiwa bado na joto lake, yanapashwa tena, na yanachemka palepale kwenye kuta za chuma. Mapovu ya mvuke yanapopasuka ndiyo yanayotoa ule mngurumo. Ndiyo maana sauti inasikika kwenye moto wakati ugonjwa uko kwenye sahani. Wengi wamebadilishiwa kifaa kikubwa na cha bei, kile kinachopashwa na moto wa gesi wenyewe, kumbe kilichoziba ni kile kidogo.

Hatua ya 1: Sikiliza lini. Zima radieta zote kwenye kidhibiti, subiri boila itulie, kisha fungua maji ya moto jikoni. Ikianza kunguruma ndani ya nusu dakika, andika. Funga bomba, ikae kimya, halafu washa radieta peke yake kwa dakika kumi. Ikiunguruma kwenye maji ya moto tu, shuku chokaa kwenye sahani. Ikiunguruma kwenye radieta pia, tatizo laweza kuwa tope jeusi la kutu au pampu iliyochoka, na dawa yake ni nyingine.

Hatua ya 2: Pima mtiririko. Chukua ndoo yenye alama za lita na saa ya simu. Fungua bomba la baridi la jikoni mpaka mwisho kwa dakika moja, soma lita. Rudia kwa la moto. Usishtuke la moto likiwa pungufu kidogo, maana boila nyingi zimewekewa kizuizi makusudi ili maji yapate muda wa kupashwa. Boila ya kilowati 28 inaweza kupandisha joto la lita 11 hivi kwa dakika kwa digrii 35, si zaidi. Kinachotia wasiwasi ni la moto kuwa chini ya nusu ya la baridi.

Hatua ya 3: Pima bomba jingine. Kama udhaifu uko kwenye shawa tu na jikoni ni kuzuri, boila haina kosa. Fungua kichwa cha shawa, kiloweke kwenye siki usiku kucha.

Hatua ya 4: Tazama joto. Acha maji ya moto yatiririke dakika tatu huku umeweka kipimajoto cha jikoni chini yake. Sahani yenye ukoko hutoa maji ya moto, kisha vuguvugu, kisha ya moto tena, kwa sababu boila inajizima kila inapojiona imepata joto kupita kiasi.

Kwangu Reading, Januari, baridi lilitoa lita 14 na moto likatoa 5. Radieta zilikuwa kimya kabisa. Kwenye kioo cha boila, joto liliruka kutoka 55 hadi 82 kabla sijamaliza kuosha sufuria moja, moto ukazimika, ukawaka tena. Nilimwonyesha fundi karatasi yenye vipimo hivyo, akaenda moja kwa moja kwenye sahani. Aliitoa, akaigeuza, na maji yaliyomwagika yalikuwa na vipande vyeupe kama maganda ya yai. Aliweka mpya pamoja na mipira mipya ya kuzuia kuvuja. Nikapima tena: lita 10 na nusu, bila mngurumo.

Hatua ya 5: Mwite fundi mwenye kadi ya Gas Safe, yaani aliyesajiliwa kufanya kazi za gesi. Usifungue kifuniko mwenyewe. Kwenye boila nyingi kifuniko ni sehemu ya kinachozuia moshi usiingie chumbani. Fundi atasafisha sahani kwa asidi maalumu au ataibadilisha. Ikiwa imeziba sana, kubadilisha ni afadhali, kwa kuwa asidi hupita pale penye njia na kuiacha ile mifereji iliyokwisha kufungwa.

Hatua ya 6: Punguza joto la maji. Chokaa huganda haraka zaidi kadiri joto linavyopanda, hasa kuvuka digrii 60. Weka karibu na 50. Ukiwa unachanganya na baridi kila unapooga, ulikuwa unajitengenezea ukoko bure.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Luton:* Kaka, siwezi kuingiza siki kupitia bomba la maji baridi nikaokoa hela?

Hapana, dada. Maji ya boila na ya kunywa yanatoka kwenye bomba moja, na siki itapita tu bila kukaa ikafanya kazi. Fundi hutenga sahani kwanza, akaizungushia asidi kwa pampu, kisha akaisuuza.

*Mwanachama, Glasgow:* Yangu inaunguruma vilevile, na birika langu halina ukoko hata chembe.

Maji ya Glasgow ni laini sana, basi chokaa iondoe kwenye orodha. Gusa radieta: zikiwa na joto juu na baridi chini, ni tope. Fundi atasafisha mfumo na kuweka chujio la sumaku.

*Mwanachama, London Mashariki:* Mimi naongeza maji kwenye boila kila wiki, geji inashuka. Inahusiana?

Sana. Yale maji yaliyofungiwa yana chokaa kidogo, ikishaganda imekwisha. Kila unapoongeza, unaleta chokaa mpya upande wa moto wenyewe, na hewa inayoleta kutu. Hapo ndipo hata kile kifaa kikubwa huziba. Tafuta panapovuja kwanza.

*Mwanachama, Kent:* Nimeambiwa ninunue sumaku ya kufunga kwenye bomba. Inafaa?

Mimi nisingeitegemea. Mtambo wa chumvi unaondoa chokaa yenyewe. Kichujio cha fosfeti hakiiondoi, lakini kinaizuia isishikamane, na ni nafuu, mradi ubadilishe dawa yake kwa wakati. Ukiweka mtambo wa chumvi, soma kijitabu cha boila kabla ya kujaza maji hayo kwenye radieta, kwani si kila mtengenezaji anayakubali.

*Mwanachama, Reading:* Nimepanga. Mwenye nyumba anasema chokaa ni juu yangu.

Si kweli, shemeji. Hapa England, kifungu cha 11 cha sheria ya wapangaji ya 1985 kinamtaka mwenye nyumba atunze mitambo ya kupasha nyumba na maji. Mwandikie, umwambatishie lita ulizopima na tarehe.