Kepsheni ya ofa ya jim bila kuwatia watu aibu

Shoga yangu ana jim hapa Malindi, juzi akanitumia kepsheni yake ya ofa: "Kitambi kimekushinda? Punguza kilo 10 kwa siku 30!" Nikamwambia usiposti, nakuja. Tulivyoiandika upya ni hivi.

1. Kusanya mambo ya ofa kwanza: bei, mwisho lini, kuna nini ndani. Basi.

2. Futa ahadi ya mwili. Hapa ndipo tulikesha, maana yeye anasema bila kilo nani atakuja? Sasa hesabu: ushauri wa kawaida wa afya ni nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki, yaani mwezi mzima ni kilo 2 mpaka 4, na hapo mtu awe anaangalia chakula pia. Mtu akipungua 2 amefanya vizuri sana ila wewe ulimwambia 10, kwa hiyo anajiona amefeli na haonekani tena. Ahidi kile kilicho mikononi mwako tu, yaani mkufunzi, masaa, bei. Halafu swali la "kitambi kimekushinda?" nalo litoke hata ukiweka emoji ya kucheka. Mimi hujiuliza, naweza kumwambia shangazi yangu hivi mbele ya wageni? Na kuna aibu za kujificha, kama "rudisha umbo la kabla ya kujifungua" au "uwe mwanamke kamili tena", hizo zinapita kirahisi kwa sababu zimevaa nguo za upole. Picha za kabla na baada mimi sizitaki kabisa, na ukilipia tangazo Facebook au Instagram la kupunguza uzito kwa kumfanya mtu auchukie mwili wake, ni kinyume cha masharti yao, linaweza kukataliwa.

3. Ofa ikae mstari wa kwanza. Instagram huonyesha kama herufi 125 tu kisha inakata.

Tukatoka na hii:

"Ofa ya wanachama wapya: mwezi wa kwanza sh. 2,000, usajili bure, mwisho tarehe 31.
Hujawahi kushika dambeli? Siku 3 za mwanzo mkufunzi yuko nawe, anakuonyesha mashine moja moja.
Wanawake tu: saa 3 mpaka saa 5 asubuhi, Jumatatu mpaka Ijumaa.
Kuanzia mwezi wa pili ni sh. 3,000. Njoo ujaribu siku moja bure kabla hujalipa."

Bei ya mwezi wa pili usiifiche, wallahi hiyo ndiyo huleta ugomvi kaunta. Na masaa ya wanawake, kwa mji wetu huu, yanavuta kuliko kilo zozote.

4. Jibu la komenti uliandae mapema, maana lazima mtu ataandika "nitapungua kilo ngapi?" Letu ni: "Kilo hatuahidi, inategemea chakula, usingizi na mwili wako. Njoo siku ya bure, tuambie unataka nini, tukupangie mazoezi."