Mwenzi mwenye usonji akisema "sijui"

Baada ya kumzika mama yake huko Ukerewe, nilimuuliza mume wangu, ambaye ana usonji, kama ana huzuni, naye akajibu, "Sijui," nami nikadhani ananificha. Kumbe baadhi ya watu wenye usonji huchelewa kuitambua hisia yenyewe ingawa mwili umeshaibeba, hivyo "sijui" yake ilikuwa jibu kamili na la kweli. Siku hizi humuuliza yanayoshikika: je, kifua kinambana, amelala saa ngapi, angependa nikae naye au nimwache? Hisia yenyewe huitaja baadaye, pengine kesho yake tukisubiri kivuko cha Kamanga. Akisema, "Niache kwa saa moja," naondoka bila kununa, kwa kuwa hakusema kwamba hanitaki.