Jinsi ya Kukopa kwa Dhamana ya Amana Yako ya Muda Maalumu

Una fedha kwenye amana ya muda maalumu, imebaki miezi kadhaa iive, na hapo katikati linatokea jambo linalohitaji pesa. Wengi hukimbilia kuvunja amana na kupoteza karibu riba yote waliyoisubiri. Njia nyingine ni kuiacha amana iendelee, ukope benki hiyohiyo kwa dhamana yake. Mwongozo huu unafuata utaratibu wa benki za Tanzania. Viwango vilivyomo kwenye hesabu ni vya mfano, kwa hiyo weka vya benki yako mahali pake.

Kwanza piga hesabu: kukopa au kuvunja?

Tuseme Machi 1 uliweka shilingi 10,000,000 kwa miezi 12, riba asilimia 9 kwa mwaka, ilipwe mwishoni. Amana ikiiva, riba itakuwa 900,000. Serikali inakata kodi ya asilimia 10 kwenye riba hiyo, na unabaki na 810,000.

Novemba 1 unahitaji 6,000,000, na una uhakika wa kuzirudisha Machi. Benki inakupa mkopo kwa asilimia 12, yaani riba ya amana yako ukiongeza pointi tatu, na ada ya kuandaa mkopo ni asilimia 1. Ukilipa wote kwa mkupuo mmoja Machi 1, riba ya miezi minne ni 240,000 na ada ni 60,000. Jumla 300,000. Toa hiyo kwenye 810,000, unabaki na faida ya 510,000.

Sasa uvunje. Ukivunja kabla ya muda, benki nyingi hazikulipi ile asilimia 9 hata kwa miezi minane iliyokwisha kupita. Zinashusha hadi kiwango cha akaunti ya akiba, na baadhi hazilipi kitu. Tukichukua asilimia 2, riba ya miezi minane ni kama 133,000, na baada ya kodi ni 120,000. Tofauti kati ya njia hizi mbili ni 390,000. Hata ukizipanga upya zile milioni 4 zilizobaki kwa miezi minne, hazizibi pengo hilo.

Lakini hesabu hiyohiyo hugeuka ukiwa mwanzoni mwa amana. Chukua kwamba haja imekuja Aprili 1, mwezi mmoja tu tangu uweke, na unataka 9,000,000 hadi amana iive. Riba ya mkopo kwa miezi 11 ni 990,000, ada 90,000, jumla 1,080,000. Amana itakuletea 810,000. Umeingia hasara ya 270,000, ilhali ukivunja siku hiyo unachopoteza ni riba ya mwezi mmoja, isiyofika 70,000 baada ya kodi. Kwa hiyo uliza kwanza benki inalipa nini ukivunja leo, na kama kuna faini, ndipo uamue. Kadiri amana inavyokaribia kuiva na mkopo unavyokuwa mfupi, ndivyo kukopa kunavyofaa.

Angalia pia kwamba zile pointi tatu si gharama yako yote. Riba ya amana inakatwa kodi, riba ya mkopo unailipa nzima. Kwa mfano wetu unapokea asilimia 8.1 na kulipa 12, kwa hiyo pengo halisi ni karibu pointi nne, na bado hujaweka ada.

Kwa nini riba ni ndogo, na kwa nini si sifuri

Mkopo wa kawaida wa mtu binafsi au biashara mara nyingi huwa juu ya asilimia 15. Ndani ya riba hiyo kuna fungu la kufidia wale wasiolipa. Kwenye mkopo huu fungu hilo karibu halipo, kwa sababu usipolipa benki haihitaji dalali, mnada wala mahakama. Inakata kwenye fedha ambazo tayari inazishika. Hakuna mthamini wa kwenda kupima nyumba wala rehani ya kusajiliwa ardhi. Zaidi ya hapo, chini ya kanuni za kimataifa za mitaji ya benki, mkopo uliofunikwa wote na fedha taslimu zilizo kwenye benki hiyohiyo, kwa sarafu ileile, unaweza kuhesabiwa hauna hatari, hivyo benki haitengi mtaji wake kuulinda.

Watu huuliza: kama pesa ni zangu, riba ya nini tena? Jibu ni kwamba hazikukaa kwenye kasha zikikusubiri. Benki ilishazikopesha au kununulia hati fungani, na inaendelea kukulipa asilimia 9. Mkopo wako unatoka kwenye fedha nyingine. Ndiyo maana bei ya mkopo huanzia kwenye riba ya amana yako na kupanda pointi mbili, tatu au nne. Na hapo ndipo pa kujadiliana: usiulize tu "riba ni asilimia ngapi?", uliza "mnaongeza pointi ngapi juu ya amana yangu?" Aliyeweka amana kubwa au ya siku nyingi ana nafasi ya kushusha hiyo nyongeza.

Zuio linavyofanya kazi

Benki haihamishi amana yako. Inaweka alama ya zuio kwenye mfumo, na wewe unasaini barua yenye mambo mawili: unakubali amana isiguswe hadi deni liishe, na unaipa benki idhini ya kuivunja na kujilipa ukishindwa. Ukichukua taarifa ya akaunti baada ya hapo utaona salio mbili. Salio la kitabu bado ni 10,000,000, lakini salio linaloweza kutolewa limepungua kwa kiasi kilichozuiwa. Riba ya amana inaendelea kama kawaida, zuio haliisimamishi.

Kiasi kinachozuiwa kina umuhimu wake. Benki ikikopesha hadi asilimia 90 ya amana, mkopo wa 6,000,000 unahitaji kufunikwa na kama 6,670,000 tu. Hata hivyo, maofisa wengi huzuia amana yote kwa kuwa ni rahisi kuingiza kwenye mfumo. Omba zuio la kiasi kinachotosha na liandikwe kwenye barua, ili sehemu iliyobaki uweze kuikopea tena au kuitoa amana ikiiva. Uliza vilevile kama zuio linashika mtaji peke yake au na riba. Kama ulikuwa unalipwa riba kila mwezi na unaitegemea kwa matumizi, sentensi moja kwenye barua inaweza kuifunga.

Kwa anayefikiria kuweka amana sasa: badala ya cheti kimoja cha milioni 10, weka viwili vya milioni 5, ilimradi kila kimoja kinafikia kiwango cha riba unachotaka. Siku ya shida unaweka dhamana au kuvunja kimoja, kingine kinabaki huru.

Kuomba, hatua kwa hatua

1. Nenda tawi linaloshika amana, ukiwa na kitambulisho cha Taifa na cheti cha amana halisi. Cheti kikipotea, toa taarifa polisi na uombe benki nakala kabla ya kuanza maombi. Akaunti ya pamoja inahitaji saini za wote. Ya kampuni inahitaji azimio la bodi linalotaja kiasi cha mkopo na amana inayowekwa dhamana. Amana ya mzazi au ndugu inaweza kutumika kama benki inaruhusu, lakini mwenyewe lazima asaini barua ya zuio, na aelewe kuwa ukishindwa kulipa ni fedha zake zitakazokatwa.

2. Jaza fomu na useme wazi namna ya kulipa. Kama utalipa kwa mkupuo, benki itatazama amana zaidi ya kipato. Ukitaka marejesho ya kila mwezi, itaomba hati za mshahara au taarifa ya akaunti ya biashara. Sisitiza riba ihesabiwe kwenye salio linalopungua, maana riba ya asilimia 12 ikitozwa kwenye mtaji wote kuanzia mwanzo hadi mwisho huku unalipa kila mwezi, gharama yako inakaribia maradufu.

3. Soma barua ya kukubali mkopo kabla ya kusaini. Tazama ada zote. Ukikuta bima ya mkopo, omba iondolewe: ukifariki, deni linakatwa kwenye amana na salio huenda kwa warithi, hivyo benki imekwisha lindwa. Warithi ndio wangefaidika na bima, na kama unaitaka kwa ajili yao ni sawa, ila iwe ni uamuzi wako.

4. Linganisha tarehe mbili: ya amana kuiva na ya mkopo kwisha. Hapa ndipo mambo huharibika mara nyingi. Mkopo ukiendelea baada ya amana kuiva, lazima kuwe na maagizo ya maandishi kwamba amana ijirudie. Yasipokuwepo, fedha zinaweza kuangukia kwenye akaunti ya kawaida zikiwa bado zimezuiwa: huwezi kuzitoa, na hazizalishi kitu, huku mkopo unatoza asilimia 12. Na ikijirudia, inajirudia kwa riba ya siku hiyo. Kama imeshuka hadi asilimia 7 na mkopo wako umefungwa kwenye 12, nyongeza imekuwa pointi tano. Omba barua iseme kwamba riba ya mkopo itafuata ya amana.

5. Saini barua ya zuio, kabidhi cheti, chukua nakala za kila kitu. Fedha kwa kawaida huingia ndani ya siku chache za kazi.

Ukiwa na amana ya dola na unataka mkopo wa shilingi, tegemea kupewa asilimia ndogo zaidi ya amana, kwa sababu shilingi ikipanda thamani, dhamana inapungua.

Ukichelewa, na ukimaliza

Mkopo huu unaripotiwa kwenye kanzidata ya taarifa za mikopo ya Benki Kuu kama mkopo mwingine wowote. Kuchelewa kunaandikwa, ingawa benki haitapoteza senti. Usiseme "si wana pesa zangu" ukaacha marejesho yapite. Benki ikivunja amana ili kujilipa, unapoteza riba kama aliyevunja mwenyewe, unalipa adhabu ya ucheleweshaji, na doa linabaki.

Ukimaliza kulipa, zuio mara nyingi haliondoki lenyewe. Kuna mtu lazima alitoe kwenye mfumo. Andika barua ya kuomba liondolewe, dai barua ya kumaliza mkopo na cheti chako, kisha chukua taarifa ya akaunti uone salio la kitabu na salio linaloweza kutolewa yamelingana. Fanya hivyo kabla ya tarehe ya kuiva, la sivyo amana inaweza kujirudia kwa miezi mingine 12 wakati wewe ulikuwa unaisubiri.