Somo kwa wanafunzi wapya: Kukagua artesunate kabla ya kumdunga mtoto

Haki za mgonjwa kwenye dawa mmeshazikariri darasani: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, muda sahihi, kumbukumbu sahihi, na haki ya kukataa. Hapa tunazipitisha kwenye dawa moja mtakayokutana nayo wodi ya watoto, artesunate ya malaria kali. Mbeya mjini ni baridi, lakini watoto huletwa na malaria kutoka Kyela na bonde la Usangu.

Mfano wetu ni mtoto wa kilo 10, ana kanula mkononi, daktari ameandika artesunate kwenye mshipa.

Kwanza, mtoto mwenyewe. Usiulize, "Mama, huyu ndiye Neema?" Mama aliyekesha ataitikia "eeh" hata kwa jina ambalo hakulisikia vizuri. Uliza, "Shikamoo mama, mtoto anaitwa nani, majina yote?" Kisha linganisha na jalada: majina kamili na namba ya jalada. Namba ya kitanda haitoshi, kwa sababu watoto huhamishwa vitanda usiku.

Pili, uzito. Mpime bila sweta, kofia wala khanga. Nguo za baridi zikiongeza kilo moja na nusu, dozi nayo inapanda. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo. Kuanzia kilo 20 ni miligramu 2.4 kwa kila kilo. Wetu: 10 × 3 = miligramu 30.

Tatu, kuchanganya, na hapa ndipo wengi huteleza. Soma kichupa: kuna cha miligramu 30, 60 na 120, na vipimo vya maji vifuatavyo ni vya kile cha 60. Tazama tarehe ya kuisha muda. Ongeza bikarboneti ya sodiamu inayokuja nayo, ml 1, tikisa, ngoja mpaka unga uyeyuke wote na mchanganyiko uwe angavu kama maji safi. Ukibaki na ukungu au chembe, tupa. Ndipo unaongeza salaini au dekstrozi ya 5%: ml 5 kwa mshipa, ml 2 kwa msuli. Usitumie maji ya sindano.

Ukiongeza ml 5, jumla ni ml 6, na kila ml moja ina miligramu 10. Miligramu 30 ni ml 3. Ukiongeza ml 2, jumla ni ml 3, na kila ml ina miligramu 20. Miligramu 30 ni ml 1.5. Sasa tazama kinachoharibika: mtu amechanganya kwa ajili ya msuli, akavuta ml 3 kwa kuwa ndiyo namba aliyoizoea. Mtoto amepata miligramu 60, dozi mara mbili. Kwa hiyo andika kwenye bomba jina la dawa, miligramu kwa ml, na njia.

Unasoma lebo mara tatu: unapotoa kichupa kabatini, unapovuta dawa, na ukiwa kitandani kabla ya kudunga. Mara ya tatu ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ndiyo ya mwisho kabla dawa haijaingia mwilini. Hesabu ya mtoto mwombe mwenzako aifanye upya bila kumwonyesha jibu lako. Akiliona kwanza, atakubaliana nalo tu.

Dozi hutolewa saa 0, 12 na 24, kisha mara moja kwa siku. Andika muda kwa saa 24. Dozi ya kwanza ikiwa 10:00, yaani saa nne asubuhi, ya pili ni 22:00. Ukiandika "saa 10" peke yake, mwenzako wa zamu ataisoma saa kumi jioni. Saini baada ya kudunga, si kabla.

Maswali ya wanafunzi

Sista, kichupa kimebaki na miligramu 30. Naweza kukitunza kwa dozi ya usiku?
Hapana. Ikishachanganywa, itumike ndani ya saa moja, kilichobaki kinatupwa. Dozi ya usiku ni kichupa kipya.

Mwalimu, kanula imeziba na mshipa mwingine haupatikani. Nifanyeje?
Mwite msimamizi wako na daktari, njia ibadilishwe kwenye maandishi kwanza. Kisha changanya kichupa kipya kwa kipimo cha msuli, udunge mbele ya paja. Matako usiyaguse.

Dada, mwenzangu kavuta dawa akaitwa kwingine, akaniachia bomba. Nidunge?
Usidunge. Hukuona kichupa wala alichochanganya nacho. Bomba lisilo na maandishi linatupwa, na wewe unaanza upya kabatini.

Mama akikataa sindano?
Usimlazimishe wala usimtishe. Muulize anaogopa nini, mweleze dawa ni ya nini. Akiendelea kukataa, mwite daktari papo hapo, maana malaria kali haingoji, na andika kwenye chati kuwa dozi haikutolewa, saa ngapi na kwa sababu gani. Nafasi ya dozi usiiache tupu: wa zamu inayofuata hatajua kama mtoto amepewa au la.