Somo: Jinsi enterokoki wanavyobadilisha ncha ya mkia na vankomaisini ikakosa pa kushika

Miaka michache iliyopita, nikiwa zamu ya usiku maabara, chupa ya damu ya mgonjwa anayesafishwa figo iliota E. faecium, bakteria wa kundi la enterokoki. Nikaotesha kwenye sahani, nikaweka diski ya antibiotiki ya vankomaisini ya mikrogramu 30. Baada ya saa 18 nikapima duara lisilo na bakteria kuzunguka diski: milimita 17. Jedwali linasema 17 na zaidi, dawa inafanya kazi. Nikaandika hivyo, ripoti ikaenda wodini.

Mwenzangu aliyepokea zamu aliinua sahani ile ile dhidi ya mwanga ilipotimiza saa 24. Ndani ya duara kulikuwa na vikoloni vidogo kama vumbi la unga, ambavyo mimi sikuviona kwa sababu vilikuwa bado havijaota. Ukanda wa MIC, yaani kiwango kidogo kabisa cha dawa kinachozuia bakteria kukua, ukasoma miligramu 32 kwa lita, na kwa enterokoki 32 ni usugu kamili. Tulipiga simu kubadilisha ripoti, lakini mgonjwa alikuwa ameshachomwa dozi moja isiyo na faida kwake. Sikulisahau jambo lile, na somo hili nimeliandika kueleza vikoloni vile vilitoka wapi.

Hatua ya 1: Litazame tofali kabla halijajengwa

Ukuta wa bakteria hujengwa kwa matofali yanayotengenezwa ndani ya seli kisha kupitishwa nje ya utando. Kila tofali lina sukari mbili, na kwenye moja ya sukari hizo unaning'inia mkia wa amino asidi tano. Mbili za mwisho ni alanini za umbo la D, ndiyo maana ncha hiyo tunaiandika D-Ala-D-Ala.

Sasa shika jambo moja, maana somo lote limesimama juu yake. Mjenzi wa ukuta, yaani kimeng'enya kinachounganisha mikia ya matofali jirani, hukata alanini ya tano na kuitupa. Ile ya nne ndiyo inayofungwa kwenye mkia wa jirani. Ya tano kazi yake ni kushikwa na kukatwa. Ukuta ukikamilika, kwenye fundo lile haimo.

Hatua ya 2: Uone vankomaisini inashika wapi

Penisilini humvamia mjenzi mwenyewe. Vankomaisini haimgusi. Yenyewe hulivaa tofali: ni molekuli kubwa yenye umbo la kikombe, na ncha ya D-Ala-D-Ala huingia ndani ya kikombe hicho ikashikwa kwa vifungo vitano vya haidrojeni. Mjenzi akija, anakuta ncha imefunikwa. Ukuta unabaki bila mafundo, seli inapasuka.

Dawa hii ilianza kutumika hospitalini mwaka 1958, na kwa karibu miaka thelathini enterokoki sugu hawakuonekana. Madaktari walikuwa na sababu ya kutulia. Bakteria anaweza kubadilisha kimeng'enya kwa badiliko dogo la jeni moja, lakini ncha ya mkia si protini. Hakuna jeni moja ya "ncha" inayoweza kupinda. Ili kuibadilisha unahitaji kiwanda kizima. Kisha, katikati ya miaka ya 1980, Ufaransa na Uingereza wakapatikana enterokoki wenye kiwanda hicho tayari.

Hatua ya 3: Fuata kiwanda, mfanyakazi mmoja baada ya mwingine

Kiwanda cha aina ya VanA husafiri kama furushi moja la jeni linaloweza kuruka kutoka DNA moja hadi nyingine. Jina lake ni Tn1546.

VanS amekaa kwenye utando kama mlinzi. Dawa ikifika, humwamsha VanR, naye huwasha jeni zilizobaki. Dawa isipokuwepo, jeni hizo hulala na bakteria hapati gharama kubwa ya kuzibeba.

VanH huchukua piruvati, ambayo seli inayo siku zote, na kuigeuza kuwa laktati ya umbo la D. VanA huunganisha alanini na laktati hiyo, na kiungo hicho ndicho kinachowekwa kwenye ncha. Mkia sasa unaishia D-Ala-D-Lac.

Wengi huishia hapo wakifundisha, na hapo ndipo wanapoacha sehemu muhimu kuliko zote. Seli bado ina kimeng'enya chake cha asili kinachotengeneza D-Ala-D-Ala. Matofali ya kale yakichanganyika na mapya, vankomaisini itayashika ya kale na ujenzi utakwama vilevile. Kwa hiyo yupo VanX, ambaye hukata kila D-Ala-D-Ala vipande viwili kabla haijafika kwenye tofali, huku D-Ala-D-Lac akiiacha salama. Akipitwa na chache, VanY huenda kwenye mkia uliokamilika na kung'oa alanini ya mwisho. Bila VanX usugu huanguka, hata VanA afanye kazi kwa bidii namna gani.

Hatua ya 4: Pima tofauti ya atomu moja

Kati ya alanini ya nne na ya tano kulikuwa na naitrojeni yenye haidrojeni. Laktati ikikaa mahali pa alanini, pale panakuwa na oksijeni tupu. Kifungo kimoja kati ya vitano kimepotea, na hilo peke yake hupunguza nguvu ya kushika kama mara 10. Lakini ndani ya kikombe cha dawa kuna oksijeni nyingine inayotazamana moja kwa moja na hii mpya. Zote mbili zina chaji hasi kidogo, zinasukumana, na msukumano huo hupunguza nguvu mara 100 nyingine. Jumla inakaribia mara 1000.

Sasa rudi hatua ya 1. Kipande kilichobadilishwa ni kile ambacho mjenzi hukikata na kukitupa. Anakata laktati badala ya alanini, anafunga fundo lile lile, na ukuta unaotokea hauna alama ya mabadiliko. Bakteria hakulipa kwa kujenga ukuta dhaifu. Kwangu hilo ndilo linalofanya usugu huu uwe mgumu kuliko mwingi ninaoufahamu.

Hatua ya 5: Rudi kwenye sahani yangu

Tulipopima teikoplanini, ndugu wa vankomaisini, MIC ilikuwa 0.5, yaani dawa inafanya kazi. Vankomaisini sugu, teikoplanini nzima: hiyo ni sura ya VanB, aina nyingine ya kiwanda kile. Ncha yake ni D-Ala-D-Lac vilevile, ila mlinzi wake haamshwi na teikoplanini, kwa hiyo kiwanda hakiwashwi. Aina ya VanA huamshwa na zote mbili.

Na saa 18? VanB mara nyingi huamka taratibu. Seli chache zinawahi kuwasha jeni, kusafisha matofali ya kale na kuanza kujenga, wakati zilizobaki zimekufa. Zinahitaji muda kuonekana. Ndiyo maana vankomaisini kwa enterokoki husomwa baada ya saa 24 kamili, kwa mwanga unaopita kwenye sahani, na ukungu wowote ndani ya duara ni usugu hata duara liwe pana.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Kama nguvu imepungua mara 1000, kwa nini tusiongeze dozi?

Marahaba mwanangu. Piga hesabu nami. Enterokoki wa kawaida huzuiwa na kama miligramu 1 kwa lita. Mara 1000 ni gramu nzima kwa lita ya damu. Kwa mgonjwa, kiwango kabla ya dozi inayofuata kikipita miligramu 20 kwa lita, hatari kwa figo tayari inapanda. Kati ya 20 na 1000 hakuna mgonjwa atakayebaki na figo.

Dada, mashine yetu imetoa E. gallinarum, vankomaisini MIC 8. Tumtenge mgonjwa kama wenye VRE wengine, yaani enterokoki sugu kwa vankomaisini?

Huyo ana kiwanda cha aina ya VanC, mdogo wangu. Ncha yake inaishia serini: D-Ala-D-Ser. Kifungo cha haidrojeni hakijapotea, ila serini ni nene kidogo na inabana kikombe, kwa hiyo nguvu inapungua mara chache tu. Jeni zake ziko kwenye kromosomu yake ya kuzaliwa na haziruki kwenda kwa wengine, hivyo kwa kawaida hatengwi kama VanA au VanB. Lakini hakikisha jina. E. gallinarum huogelea kwenye agari laini, E. faecium haogelei. E. casseliflavus naye huogelea, na ukimkusanya kwa pamba utaona rangi ya manjano. Na ukipata gallinarum mwenye MIC kubwa, mfano 64 na kuendelea, usilale: wapo waliookota vanA juu ya vanC yao.

Kaka zangu wa wodini wanauliza: ikiwa teikoplanini inaua VanB, kwa nini wasiitumie tu?

Inaweza kufaulu, lakini mlinzi VanS anaweza kubadilika kwa mabadiliko madogo ya jeni, akaamshwa na teikoplanini au akabaki macho muda wote. Hilo limeonekana kwa wagonjwa katikati ya matibabu. Ndiyo maana kwenye damu wengi huchagua linezolidi, inayozuia utengenezaji wa protini, au daptomaisini ya dozi kubwa, inayoharibu utando. Hazijali ncha ya mkia. Ila linezolidi huzuia ukuaji bila kuua enterokoki, na ikipita wiki mbili chembe za kugandisha damu huanza kushuka, kwa hiyo hesabu ya damu ifanywe kila wiki. Na zote mbili tayari zina usugu wake.

Mimi ni mfugaji wa kuku. Nimesikia kwamba usugu huu Ulaya ulitokea mabandani. Ni kweli?

Kwa sehemu kubwa ndiyo, kaka. Wafugaji wa Ulaya walikuwa wakichanganya avoparsini kwenye chakula cha kuku na nguruwe ili wakue haraka. Avoparsini ni ya ukoo mmoja na vankomaisini na humwamsha mlinzi yule yule. Denmaki iliipiga marufuku mwaka 1995, Umoja wa Ulaya mwaka 1997. Enterokoki sugu kwenye mifugo walipungua, lakini kwa nguruwe wa Denmaki walichelewa kushuka, kwa sababu jeni za vankomaisini zilikuwa zimefungwa pamoja na jeni za usugu wa tailosini, na antibiotiki hiyo ilikuwa bado inatumika. Marekani haikuruhusu avoparsini. Huko tatizo lilikulia hospitalini, kwa matumizi makubwa ya vankomaisini yenyewe.

Mwalimu, mwanakemia hawezi kurekebisha ile oksijeni inayosukumana?

Ameweza. Kundi la mwanakemia Dale Boger katika taasisi ya utafiti ya Scripps, Kalifonia, liliondoa oksijeni ile ndani ya kikombe mwaka 2006, na msukumano ukaisha. Baadaye wakaweka naitrojeni mahali pake, na dawa hiyo ikashika ncha zote mbili, D-Ala-D-Ala na D-Ala-D-Lac. Ugumu uko kwenye kutengeneza. Vankomaisini ya kawaida huchachushwa na bakteria wa udongo kwenye matangi, bei yake inavumilika. Atomu hii imezama katikati ya pete za molekuli na huwezi kuibadilisha kirahisi kwenye dawa iliyokamilika, kwa hiyo walilazimika kuijenga molekuli tangu mwanzo, hatua nyingi, kila hatua ikipoteza sehemu ya mali. Na jambo la mwisho: mlinzi VanS bado yupo mlangoni, na VanC ametuonyesha kwamba laktati siyo kitu pekee kinachoweza kuwekwa kwenye ncha ile.