Mtoto anayeng'ata wenzake

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akinyang'anywa gari lake la kuchezea, hana maneno ya kusema "nipe, ni langu". Ana meno. Anashika mkono wa mwenzake na kung'ata, kisha anashangaa kilio kinatoka wapi, maana bado hajajua kwamba mwenzake naye anaumia. Wengine hung'ata kwa sababu ya fizi zinazowasha, au kwa furaha tu.

Kumng'ata na wewe "ili aonje" hakusaidii. Anajifunza kuwa hata wakubwa hung'ata. Shuka hadi usawa wa macho yake, sema kwa ufupi: "Hapana, kung'ata kunaumiza." Mbembeleze kwanza aliyeng'atwa, osha kidonda kwa maji na sabuni, halafu mfundishe mng'ataji neno moja: "Nipe." Chunguza pia saa, mara nyingi hutokea akiwa na njaa au usingizi.

Maneno yakiongezeka, meno hupumzika, na wengi huacha wakikaribia miaka mitatu. Akipita minne bado anang'ata mara kwa mara, au akiwa haongei kama wenzake, mpeleke kliniki.